Intaneti ya dishi imekata: ni mvua au dishi limecheza?

Mvua ikinyesha intaneti ikakata, kila mtu anasema ni mvua. Mara nyingi ni kweli, ila kuna dishi ambalo lilishaguswa zamani na nyani au na kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo yake, na likaendelea kufanya kazi vizuri tu kwenye jua mpaka manyunyu ya kwanza yalipokuja kubeba lawama. Hapa naongelea VSAT, dishi la kwenye zahanati, shule za mbali, kambi za watalii, lile linalofungwa kuangalia setilaiti moja tu iliyokaa juu ya ikweta karibu kilomita 36,000 kutoka hapa chini.

Katika safari yote hiyo mvua inaharibu kipande kidogo tu cha mwisho, maana kwenye nchi zetu za joto matone ya maji yanaanzia kama kilomita 5 kwenda juu na kushuka, juu ya hapo ni barafu ambayo haisumbui sana. Madishi haya mengi yanatumia bendi ya mawimbi inayoitwa Ku au ile ya masafa ya juu zaidi inayoitwa Ka. Urefu wa mawimbi ya Ku ni kama sentimita 2 na nusu, ya Ka ni sentimita moja hadi moja na nusu, sasa tone kubwa la mvua ni milimita kadhaa, kwa hiyo matone yanameza sehemu ya mawimbi na mengine yanayatawanya pembeni, na Ka ndiyo inaumia zaidi. Wingu jepesi au kaukungu ka asubuhi havitoshi kukata intaneti, kinachokata ni ile mvua nzito ya radi. Tena angalia, dishi linaangalia kwa mshazari, kwa hiyo wingu zito likikaa upande linakoangalia unaweza kukatika hata kabla tone halijakugusa, na ukarudi hewani huku kwako bado inanyesha. Alama kubwa ya mvua ni kwamba inaondoka yenyewe: wingu likipita, namba zinarudi palepale zilipokuwa bila mtu kugusa kitu.

Dishi kucheza ni habari nyingine kabisa. Dishi la Ku la mita 1.2 linaona kipande chembamba sana cha anga, upana wake hata nyuzi moja na nusu haufiki. Ukilisukuma kiasi cha robo tatu ya nyuzi, nusu ya nguvu ya mawimbi imeondoka, na robo tatu ya nyuzi ukiipima pale ukingoni mwa dishi ni kama milimita 8 hivi, huwezi kuiona kwa macho ukiwa umesimama uani! Halafu upande wa kutuma unaumia mapema kuliko wa kupokea kwa sababu unatumia masafa ya juu zaidi na miali yake ni myembamba zaidi, ndiyo maana unaweza kukuta taa ya kupokea imetulia vizuri ila ya kutuma inapepesa au imezima.

Sasa panapochanganya watu ni hapa. Fundi akifunga dishi anahakikisha kuna akiba, yaani mawimbi yanakuja na nguvu zaidi ya ile modemu inayohitaji, ili mvua ikila kidogo mambo yaendelee. Chukua mfano: siku ya jua modemu inaonyesha SNR, yaani nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele, ya desibeli 12, na inaachia ikifika 4, kwa hiyo akiba ni 8. Mvua ya kawaida ikija ikala desibeli 5 unabaki na 7, spidi inapungua kwa sababu modemu inahamia kwenye njia ya polepole lakini salama zaidi, ila hukatiki. Kisha siku moja ngazi inagonga dishi, ukingo unasogea kama milimita 9, unapoteza desibeli 4. Kesho yake jua linawaka, SNR ni 8, WhatsApp inaenda, hakuna anayelalamika. Wiki ijayo inakuja mvua ileile ya kula 5, SNR inashuka hadi 3, kwisha. Mvua haijabadilika, akiba ndiyo iliyoliwa. Kwa hiyo ukiona dishi lililokuwa linahimili masika sasa linakatwa na manyunyu, acha kulaumu anga.

Na jibu lake hulipati wakati wa mvua, unalipata siku ya anga jeupe. Fungua ukurasa wa modemu kwenye kompyuta (nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.100.1), soma SNR, linganisha na ile ya siku ya kufungwa. Namba hiyo ya mwanzo fundi angepaswa kuiandika kwenye kipande cha tepu juu ya modemu, wengi hawaandiki, basi andika wewe leo kama kila kitu kiko sawa. Kama siku ya jua iko chini kwa desibeli 3 au 4 na haipandi siku nzima, nenda kwenye nguzo. Weka pima maji kwenye nguzo pande mbili, maana mvua kubwa hulainisha udongo na nguzo yenye zege kidogo inainama, hapo mvua imeleta tatizo la shabaha, yaani vyote viwili kwa pamoja. Shika ukingo wa dishi utikise kidogo sana, likicheza ujue nati zimelegea. Mafundi wazuri wanachora mstari wa maka pen kutoka kwenye bano hadi kwenye nguzo, mstari ukiwa umekatika hauna haja ya kubishana na mtu.

Kuna kitu cha tatu kinachojifanya mvua, nacho ni maji ndani ya konekta au kwenye kebo. Huyu haondoki na wingu: mvua imekwisha asubuhi, SNR bado iko chini, mchana jua likikausha inapanda taratibu, usiku umande unairudisha. Fungua konekta uone, ukikuta kijani au ncha ya shaba imekuwa nyeusi, kata kipande hicho na ufunge upya kwa tepu ya mpira. Zima modemu kwanza, waya huo unabeba umeme. Na kama kwako ni jua kali, nguzo imenyooka, ila wateja wengi wa kampuni hiyohiyo wamekatika saa ileile, inawezekana mvua inanyesha kwenye kituo kikubwa cha kampuni, ambacho kinaweza kuwa Ulaya huko, hapo subiri tu.

Kuligeuza mwenyewe sishauri. Dishi la tivi linapokea tu, ukikosea unakosa mechi, ila hili linatuma, na setilaiti za jirani ziko nyuzi mbili tatu tu pembeni, ukilegeza nati ukalisukuma unaweza kuanza kusumbua watu usiowajua na kampuni ikakuzimia kabisa kutuma. Fundi analisogeza huku anaongea kwa simu na watu wa kituo wanaomwona kwenye skrini zao. Ukipiga simu usiseme "intaneti haipo" tu, maana utaambiwa zima uwashe. Waambie SNR ya jua ilikuwa ngapi, leo anga likiwa jeupe ni ngapi, na kwamba mvua ilipoisha namba ilirudi au haikurudi.