Barua kwa Mteja Aliyetaka Rangi ya Majivu

Nafundisha ususi chuoni na bado nahudumia wateja. Barua hii nilimwandikia mteja mmoja. Ninaitoa hapa, kwa ridhaa yake na bila jina lake, kwa sababu swali lake, kama nywele zake nyeusi zinaweza kupakwa rangi ya majivu, huulizwa na wengi.

Dada mpendwa,

Nimeitazama tena picha uliyoniachia, na kile kishungi nilichokikata nyuma ya sikio lako nimekifanyia majaribio. Rangi ile ya majivu sitakupaka. Najua umeitamani muda mrefu, kwa hiyo nakueleza sababu zote.

Wasusi hupima weusi na weupe wa nywele kwa ngazi, kuanzia 1, nyeusi kabisa, hadi 10, njano iliyopauka sana. Rangi ya kwenye picha iko ngazi ya 9. Nywele zako ziko ngazi ya 1, na weusi huo si wa asili pekee: juu yake umepaka rangi nyeusi ya boksi mara nyingi. Rangi mpya haiondoi rangi ya zamani. Ningekupaka majivu leo moja kwa moja, ungeondoka na nywele nyeusi vilevile. Kinachoweza kuutoa weusi ule ni blichi.

Blichi nayo haikutoi kwenye weusi na kukufikisha kwenye weupe kwa hatua moja. Melanini, yaani rangi ya asili ya unywele, inapovunjwa hupita kwanza kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha njano, na mwisho njano hafifu kama sehemu ya ndani ya ganda la ndizi. Majivu hukaa vizuri juu ya hiyo njano hafifu tu. Yakipakwa juu ya chungwa, buluu iliyomo ndani yake huizima chungwa na kubaki kahawia iliyofifia, isiyong'aa. Yakipakwa juu ya njano iliyokolea, buluu na njano huzaa kijani. Wateja wengi wanaokuja kwangu na nywele za kijani walipakwa majivu kabla nywele hazijawa tayari.

Sasa nikueleze kilichotokea kwenye kishungi chako. Nilitumia blichi iliyochanganywa na peroksaidi ya asilimia 6, ile inayoandikwa volyumu 20. Baada ya dakika 30 kilifika wekundu wenye uchungwa, ngazi ya 5. Nilikilowesha nikakivuta taratibu: kilirefuka kidogo, kikarudi. Nikaendelea. Kufikia dakika 50 kilikuwa chungwa tupu, ngazi ya 6, na nilipokivuta kikiwa kimelowa kilinyumbuka kama mpira uliochoka na hakikurudi. Hiyo ni dalili kwamba vifungo vinavyoushikilia unywele kwa ndani vimekatika. Hakuna mafuta wala stimu itakayoviunga upya vikawa kama zamani. Na hapo bado tulikuwa na ngazi tatu za kupanda. (Ungekuwa umeweka dawa ya kulainisha, hata hicho kishungi nisingekijaribu, dawa ile hushambulia vifungo hivyo hivyo.)

Kuna pia zile sentimita tatu zilizoota karibuni, ambazo hazijawahi kupakwa kitu. Hizo zingepauka haraka zaidi, kwa kuwa hazina rangi ya boksi na joto la ngozi huharakisha kazi ya blichi. Ungekuwa na mizizi ya njano na urefu wa chungwa.

Kuhusu uso wako, hapa nasema kwa jicho langu, si kwa kipimo. Ngozi yako ina udhahabu. Nilipokushikia kitambaa cha kijivu shingoni, uso ulipoteza uhai na vivuli chini ya macho vikaonekana zaidi. Cha rangi ya shaba kilikung'arisha, na wewe mwenyewe ulitabasamu kwenye kioo.

Kwa hiyo napendekeza kahawia yenye shaba, ngazi ya 5, kwenye vishungi vyembamba kuuzunguka uso tu. Blichi tutaitoa pale pale kwenye wekundu wenye uchungwa, mahali ambapo kishungi chako kilikuwa bado na nguvu. Wekundu ule ambao majivu yangepigana nao, shaba inauhitaji. Ikichujuka kwa kuoshwa, itabaki rangi ya joto, si madoa.

Njoo saa 48 kabla ya siku ya kupaka, nikutie tone la rangi nyuma ya sikio. Kutodhurika na rangi ya zamani hakuthibitishi chochote, maana mzio unaweza kuanza baada ya miaka ya kutumia. Ukiona muwasho, uvimbe au malengelenge, osha mara moja, unijulishe, na hatutapaka.

Na uje na boksi la ile rangi nyeusi. Nataka kusoma kama ina chumvi za metali, kwa sababu zikikutana na peroksaidi nywele huweza kupata moto na kukatika. Zikiwemo, hata shaba itabidi isubiri nywele hizo zikue na kukatwa.

Msusi wako.