Adapta ya Taipu-C inaingia, sauti haitoki

“Nimenunua adapta ya Taipu-C hapa stendi ya Moshi, hedifoni hazitoi sauti. Zimekufa?”

Zichomeke kwanza kwenye redio. Zikilia, ni nzima. Simu nyingi zisizo na tundu la hedifoni hutoa data tu kupitia tundu la chaji, na hedifoni za waya haziwezi kuisoma. Lazima chipu iigeuze kuwa sauti. Adapta nyingi za bei ya chini hazina chipu hiyo, ni waya mtupu, na hufaa simu chache tu. Kwenye Samsung Galaxy S20, kwa mfano, muziki utaendelea kutokea kwenye spika ya simu. Kwa macho huwezi kutofautisha adapta yenye chipu na isiyo nayo, kwa hiyo tafuta boksi lililoandikwa DAC, ndilo jina la chipu hiyo, kisha jaribu kwa simu yako kabla ya kulipa: muziki, halafu piga simu kupima maiki.