Koo kavu la asubuhi: kimio hakina kosa

Dereva mmoja wa lori la samaki, mwenye miaka 46, alikuja kwangu kaongozana na mkewe. Shida yake ilikuwa koo. Kila akiamka linakwaruza kama limepitishwa msasa, mdomo umekauka, mate mazito. Alishakunywa amoksilini mara tatu kwa mwaka mmoja. Safari hii alitaka ruhusa tu: kuna mtu wa Igoma, hapa Mwanza, aliyemwambia kimio chake kimerefuka, na angekikata kwa siku moja.

Nilimwangalia kooni. Kimio kweli kilikuwa kimevimba, chekundu, kimelala juu ya ulimi. Kwa hiyo wanaosema "kimio kimeshuka" hawaoni vitu visivyokuwepo. Wanachokosea ni chanzo, na chanzo hapa ni kukoroma.

"Kimio kirefu ndicho kinacholeta koromo na maumivu ya koo."

Ni kinyume chake. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa hupungua. Hewa inayopita kwa nguvu hutikisa kaakaa laini na kimio, na mtikisiko huo ndio sauti ya kukoroma. Kitu kinachotikiswa kwa saa sita kila usiku huweza kuvimba. Juu ya hapo, anayekoroma mara nyingi hulala mdomo wazi. Hewa ya puani hupashwa joto na kuloweshwa kabla ya kufika kooni. Ya mdomoni hufika ilivyo na kukausha kila inapopita.

Kukata kimio hakupanui njia hiyo, maana penye kuziba zaidi huwa ni nyuma ya kaakaa na nyuma ya ulimi. Nimepokea watu waliovuja damu baada ya kukatwa kienyeji, na wengine waliooza kidonda. Hata upasuaji wa hospitali kwenye kaakaa unaweza kupunguza kelele huku pumzi ikiendelea kukatika kimyakimya, jambo linalonitisha zaidi, kwa kuwa mke anayesikiliza usiku hudhani mumewe amepona.

"Koo linalouma ni tonsesi, dawa yake ni antibayotiki."

Uliza linauma saa ngapi. Koo la kukoroma huwa baya unapoamka, kisha likishapata maji na chai linatulia, na ikifika saa nne asubuhi umelisahau. Koo lenye maambukizi haliangalii saa: linauma mchana kutwa, huleta homa, tezi za shingo huvimba, kumeza ni shida. Amoksilini haifanyi kitu kwenye ukavu. Piritoni na dawa nyingine za mafua zinazosinzisha hukausha mdomo zaidi. Maumivu yasiyoachia kwa wiki tatu, sauti iliyokwaruza muda mrefu au uvimbe shingoni ni habari nyingine, nenda ukaangaliwe mapema.

"Anayekoroma sana amelala fofofo."

Hapa mkewe ndiye aliyezungumza. "Daktari, anakoroma, halafu ananyamaza kabisa. Nahesabu. Kifua kinahangaika lakini hewa haitoki. Namtikisa, anashtuka kama aliyetoka majini." Mwenyewe alijua ni jinamizi linamkaba. Watu wengi wa huku husema hivyo, na kwa sababu hiyo shida hii hupelekwa kwa mganga kabla ya kufika kwetu.

Kinachotokea ni kwamba njia ya hewa imeziba kabisa. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka kuamsha misuli, hewa inapita kwa kishindo, kisha mtu analala tena bila kukumbuka lolote. Mkatiko wa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, na vilevile pumzi kupungua sana hadi oksijeni ikashuka au usingizi ukakatika. Hiyo ndiyo apnea ya usingizi. Mtu kama huyo amekaa kitandani saa nane, lakini hajalala.

Nikamuuliza kuhusu usukani. Alisita, akasema zamani foleni ya kivuko cha Kigongo ilimsaidia: alilala pale mpaka zamu yake ifike. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anavuka zile kilomita tatu moja kwa moja, na mara mbili alishtuka tairi zikiwa zimeshahama upande wake wa barabara. Hilo koo lililomleta ndilo lililokuwa dogo kuliko yote.

"Basi kila anayekoroma apimwe."

Hapana. Koo kavu peke yake halitoshi kumpeleka mtu kwenye kipimo cha usingizi. Kama unakoroma ukiwa na mafua au baada ya bia, mchana uko macho, presha yako iko sawa na hakuna aliyeona pumzi ikikatika, anza na pua. Isafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, lala kwa ubavu, acha pombe saa nne kabla ya kulala. Jipe wiki mbili uone koo linasemaje.

Anayestahili kipimo tunampata kwa maswali manane: anakoroma kwa sauti ya kuvuka mlango? Anachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyeona pumzi ikikatika? Ana presha? Kilo zake zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo, zinazidi 35? Amepita miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40? Ni mwanaume? Ndiyo tatu au nne zinatosha kumjadili na daktari, tano na zaidi zinadai kipimo.

Dereva wetu ana kilo 98 na urefu wa mita 1.70, kwa hiyo uzito unampa 34, hapati alama. Umri nao haumpi. Lakini shingo nilipoizungushia futi ilisoma 43, presha ilikuwa 158/96 akiwa kwenye dawa tatu, na mengine manne yote ni ndiyo. Sita kati ya nane. Hata angepata tatu tu ningempeleka, kwa sababu anaendesha lori akisinzia, na presha inayokataa dawa tatu ni dalili yenyewe.

Wembamba nao wanaugua, hasa wenye taya dogo. Wanawake wengi hawaji na koromo. Huja na uchovu, usingizi wa kukatika na kichwa cha asubuhi.

"Kibano cha kidoleni kinatosha."

Kile cha kusoma oksijeni mara moja mchana hakisemi kitu. Kipimo cha nyumbani kina kibano cha usiku kucha, mkanda kifuani na mrija mwembamba puani. Kikitoka safi huku dalili zikiwa nzito, hurudiwa au mtu hulazwa apimwe usingizi kamili. Njia ya rufaa ni kliniki ya masikio, pua na koo. Kwa kanda yetu ni Hospitali ya Bugando, Mwanza. Ukitoka Geita au Ukerewe, piga simu kwanza uulize kifaa kipo lini. Beba video ya dakika mbili ya mtu amelala, inasema mengi kuliko maelezo.

Usingizi wa dereva wetu ulirekodiwa kwa saa sita na nusu, ukatoa mikatiko na upungufu wa pumzi 221, yaani 34 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, 30 na kuendelea ni kali. Aliacha safari za usiku, akaanza kulala na mashine inayosukuma hewa kwa barakoa.

Wiki ya kwanza akapiga simu: koo limekauka kuliko mwanzo. Mdomo ulikuwa unafunguka, hewa inatorokea humo. Tulimwongezea kichupa cha maji kinacholowesha hewa na tukatibu pua yake iliyoziba. Wiki ya tatu mkewe ndiye aliyepiga, akasema sasa anaamka usiku kuangalia kama mumewe bado anapumua, kwa jinsi alivyo kimya.