Bajeti ya ukurasa wa 41

"Dokta, mbona gharama tumeweka? Ziko ukurasa wa 41."

Muhula huu nimeshaisikia kauli hiyo mara nne, kila mara kutoka kundi jingine, na kila mara inatolewa kwa mshangao wa dhati. Wanafunzi wa uzamili wa biashara wamekaa wiki kumi na mteja, wameandika ripoti ya ushauri, mwishoni wamebandika jedwali la bajeti lenye jumla iliyokolezwa wino, kisha wamekatwa alama kwenye kipengele cha gharama. Wanaona wameonewa. Wanaamini kwamba pendekezo lenye bei pembeni yake limeshafanyiwa hesabu. Sivyo. Bei ni ya kitu kinachonunuliwa, na mteja hakuwaita wamtafutie bei ya kitu. Alitaka kujua kitamgharimu nini kuondokana na tatizo lake, na akishaliondoa atabaki na nini mkononi.

Nichukue ripoti ya kundi la mwisho, kwa ruhusa yao. Mteja ni kiwanda kidogo cha mtindi ukanda wa pwani, kinachopokea lita 3,000 za maziwa kwa siku. Asilimia 8 hukataliwa mapokezi, yaani lita 240, kwa sababu yanaganda kwenye kipimo cha alkoholi, kinachoonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha. Pendekezo kuu la kundi: kiwanda kinunue gari la jokofu kwa shilingi milioni 95. Hesabu yao: lita 240 mara shilingi 1,200 anazolipwa mfugaji, mara siku 365, unapata shilingi 105,120,000 kwa mwaka. Kwa hiyo gari linajilipa kabla ya miezi 11. Jedwali safi, profoma ya muuza magari imeambatanishwa.

Huwa naisoma ripoti kuanzia nyuma. Nachukua pendekezo, nalitafutia mzazi kwenye uchambuzi. Yako mapendekezo yatima ambayo nayatambua kwa kuyaangalia tu, kama yale ya kutoa mafunzo kwa wafanyakazi na kujitangaza kwenye mitandao ya kijamii. Ukifuta jina la mteja ukaweka la duka la dawa, sentensi haishtuki. Hayo nayapitia haraka na alama zake nazitoa haraka. Linalonisumbua ni pendekezo lenye mzazi wa karibu karibu, kama hili la gari. Uchambuzi unasema maziwa yanaharibika kwa joto. Gari lina baridi. Wasomaji wengi wangeishia hapo na kuridhika.

Lakini uchambuzi wenyewe, ukurasa wa 23, ulikuwa umesema jambo mahususi zaidi, na nawapongeza kwa kulipata. Walikaa mapokezi siku kumi na mbili wakiandika kila ndoo iliyokataliwa ilitoka njia gani na ilikamuliwa saa ngapi. Kati ya lita 240, karibu 150 zilikuwa maziwa ya jioni kutoka njia mbili tu. Mfugaji anakamua saa kumi na moja jioni, kituo cha kukusanyia kimeshafungwa, maziwa yanalala kwenye ndoo nyumbani, asubuhi ndiyo yanapelekwa kituoni. Kwa joto la pwani bakteria wa uchachu wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa hivi. Gari linapofika saa moja asubuhi, maziwa hayo yameshaharibika. Kuyapakia kwenye baridi ni kuyasafirisha yakiwa mabovu.

Na hata kama gari lingefika jioni, bado kuna tatizo ambalo simu moja kwa fundi wa majokofu ingewaonyesha. Gari la jokofu limetengenezwa kutunza ubaridi wa mzigo uliopakiwa ukiwa umeshapoa. Halina nguvu ya kuyashusha maziwa yaliyotoka kwenye kiwele na nyuzi 37 hadi nyuzi 4 njiani. Kazi hiyo ni ya tangi la kupozea, lenye mashine yake ya baridi na kikorogeo. Kwa hiyo pendekezo lilishika neno "joto" kutoka kwenye uchambuzi na kuacha neno "usiku", ilhali chanzo kilikuwa kwenye usiku.

Sasa tuje kwenye fedha. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kosa hili nalikuta karibu kila ripoti. Kundi limethaminisha lita iliyokataliwa kwa shilingi 1,200. Nani anaipoteza hiyo 1,200? Nenda kiambatisho cha tatu, ambacho wao wenyewe wamekiweka: fomu ya malipo ya wafugaji. Maziwa yaliyokataliwa hayalipwi. Mfugaji anarudishiwa ndoo yake. Hasara ya shilingi 1,200 ni ya mfugaji, haimo kwenye vitabu vya kiwanda. Kinachopotezwa na kiwanda ni kile ambacho kingebaki nacho kama lita hiyo ingegeuzwa mtindi ukauzwa. Kwa takwimu zao wenyewe, lita moja ikiwa mtindi inaingiza shilingi 3,200. Toa 1,200 ya maziwa, toa 1,100 ya vifungashio, sukari, kimea cha kugandishia mtindi na nishati, inabaki 900. Na hiyo 900 ipo endapo tu mtindi wa ziada una mnunuzi na mitambo ina nafasi. Sura yao ya soko inaonyesha mnunuzi yupo, basi nimeikubali.

Jambo la pili ni kwamba wamedhani lita zote 240 zitaokolewa. Tatizo walilolipata linahusu lita 150. Katika hizo, hata kituo kikifunguliwa jioni, wapo wafugaji ambao hawatatembea jioni kwenda kituoni, na yapo maziwa yatakayoharibika kwa ndoo chafu. Tuseme theluthi mbili zinaokoka, lita 100. Mara 900 ni shilingi 90,000 kwa siku, au 32,850,000 kwa mwaka. Tumeshuka kutoka milioni 105 hadi chini ya 33, na bado hatujagusa gharama za uendeshaji.

Gari linahitaji dereva, mafuta, bima, matairi, na fundi wa jokofu. Kiwanda kina gari jingine la kawaida, na taarifa za matumizi yake zimo kwenye kiambatisho. Ukiongeza mafuta ya kuendesha jokofu unafika kama milioni 2.4 kwa mwezi, sawa na milioni 28.8 kwa mwaka. Kwenye zile 32,850,000 zinabaki 4,050,000. Kwa mtaji wa milioni 95, hiyo ni miaka 23 na zaidi, na gari halitaishi miaka hiyo. Nimelipendelea gari kwa kulichukulia kwamba linaokoa lita 100, wakati nimeshasema haliziokoi.

Tangi la kupozea la lita 600 pamoja na jenereta ndogo, kwa bei ambazo kundi lililetewa na kuziacha, lilikuwa milioni 38. Mhudumu wa jioni, umeme, dizeli na sabuni ya kuoshea tangi ni kama 750,000 kwa mwezi, milioni 9 kwa mwaka. Zinabaki 23,850,000. Mtaji unarudi ndani ya mwaka mmoja na miezi saba hivi.

Hapa lazima niseme ninachokiogopa katika hesabu yangu mwenyewe. Theluthi mbili nimeitoa wapi? Ni makisio ya mtu aliyeona vituo kadhaa vya maziwa, basi. Zikiokoka lita 50 badala ya 100, mapato ni 16,425,000, ukitoa milioni 9 zinabaki 7,425,000, na mtaji unarudi baada ya miaka mitano. Pendekezo lilelile, tangi lilelile, na mteja mwenye akili timamu angeweza kukataa. Vitabu vya kufundishia hutoa kiwango cha uokoaji kama data ya swali, mwanafunzi anakokotoa. Kazini hakuna anayekupa. Ndiyo maana simkati alama mwanafunzi kwa kukisia. Namkata akificha kisio ndani ya kisanduku cha Ekseli na kuniletea jumla peke yake. Angeandika "tumekisia lita 100, zikishuka chini ya 50 msinunue", ningempa alama zote za kipengele hicho hata kama mimi ningekisia 70.

Nakiri pia kwamba kwenye uhusiano wa pendekezo na uchambuzi, mimi na msahihishaji mwenzangu huwa tunapishana alama moja au mbili. Kwenye utekelezaji tunaweza kupishana sita. Mmoja wetu anaona jambo linawezekana, mwenzake anakumbuka mahali lilipokwama. Sina dawa ya hilo zaidi ya kuwataka wanafunzi waandike mambo ambayo sote tunaweza kuyahakiki.

Kwa mfano, fedha za kuanzia. Jedwali la mtiririko wa fedha la kiwanda, ambalo kundi limelichora vizuri kabisa, linaonyesha kwamba mwisho wa mwezi akaunti haijavuka milioni 11 hata mara moja katika mwaka mzima. Milioni 95 zinatoka wapi? Mkopo? Basi riba iko wapi kwenye ukurasa wa 41, na rejesho la kila mwezi litalipwa na nini katika miezi ya kiangazi ambapo maziwa yanapungua? Swali hilohilo linaihusu milioni 38. Bajeti yao ina safu ya "kiasi" na haina safu ya "lini".

Halafu kuna mamlaka. Kundi limeandika kwa ujasiri, "Uongozi uhakikishe maziwa ya jioni yanapokelewa." Uongozi upi? Majengo ya vituo ni mali ya chama cha ushirika cha wafugaji. Meneja wa kiwanda hawezi kumwamuru mhudumu wa kituo abaki hadi saa mbili usiku, wala kufunga tangi kwenye jengo lisilo lake. Atahitaji kikao cha bodi ya ushirika na makubaliano ya nani anamiliki tangi, nani analipia dizeli, na maziwa yakiharibika ndani ya tangi hasara ni ya nani. Hili la mwisho ndilo zito, kwa sababu leo mfugaji anabeba hasara ya ndoo yake peke yake, na kesho maziwa yatakuwa yamechanganywa. Ndoo moja mbovu ikiingia, lita 600 zinakwenda. Ina maana kipimo cha alkoholi lazima kihamie kituoni, kifanywe kwa kila ndoo kabla ya kumiminwa, na mhudumu wa jioni awe mtu anayeweza kumkatalia jirani yake usoni. Mshahara wa mtu huyo haumo kwenye bajeti, na mafunzo yake hayamo. Hapa ndipo neno "mafunzo" lingekuwa na mzazi halali, na hapa ndipo hawakuliandika.

Niliwapa 8 kati ya 20 kwa sehemu ya mapendekezo na 17 kati ya 20 kwa uchambuzi. Pengo hilo ndilo lililowaleta ofisini. Tulikaa saa nzima na fomu ya malipo mezani, na mmoja wao, binti aliyekuwa akihesabu ndoo mapokezi, akanyamaza muda mrefu kisha akasema, "Dokta, kile kituo cha njia ya pili hakina hata taa." Nikamuuliza kama limo kwenye ripoti. Halimo. Wamepewa wiki mbili za marekebisho, na Jumanne wanakwenda huko, safari hii jioni, kuuliza umeme unaishia nguzo ya ngapi na ufunguo wa kituo unalala kwa nani.