Milimita 3000 za hema si kiasi cha mvua

“Hema langu limeandikwa 3000 mm, basi hata mvua ya milimita 3000 halivuji?”

Hapana, hicho ni kipimo cha shinikizo. Maabara husukuma maji dhidi ya kitambaa, shinikizo likiongezwa polepole, hadi matone yapenye sehemu tatu. Kitambaa cha hema lako kilistahimili uzito wa nguzo ya maji ya mita 3, yaani takriban kilo 0.3 kwa kila sentimita ya mraba.

Matone ya mvua hayakai yakarundikana hivyo juu ya paa lililoinama. Goti ndilo adui. Mtu wa kilo 60 akipiga magoti kwenye sakafu yenye maji chini, magoti yakigusa sentimita za mraba 120, anakandamiza kilo 0.5 kwa kila sentimita ya mraba: sawa na milimita 5000. Sakafu ya 3000 itapenyeza. Koti la mvua nalo huvuja kwanza chini ya mikanda ya begi inayolikandamiza.