Mtoto Wako Hajafika Juzuu ya Nane

Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha nje ya msikiti hapa Pangani. Hata salamu haijakauka: "Ustadh, wenzake wamefika juzuu ya 12, huyu wangu mbona bado yuko 8?" Mimi nahifadhisha watoto Qur'ani, juzuu zote 30, na swali hili naulizwa kila Jumamosi, na kila Jumamosi nalimeza. Leo silimezi.

Mtoto huyo hajafika hata hiyo ya 8. Alipita tu. Alikuja kwangu kutoka chuo kingine akiwa na juzuu 8 alizozimaliza kwa muda ambao mimi ningempa 4. Mamake akanisifia kwamba juzuu ya kwanza anaisoma kwa ghaibu chini ya robo saa. Hapo nikashtuka. Mtoto wa umri wake, akisoma mbio bila kumeza herufi, hunichukua kama nusu saa kwa juzuu moja.

Nikamketisha, nikafungua mus-haf wa Madina, ule wa kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa. Akaanza vizuri, sauti safi. Akafika mwisho wa ukurasa wa 7, aya ya 48 ya al-Baqara, kisha nikamsikia yuko kwa Nabii Ibrahim na majaribio yake. Hiyo ni aya ya 124, ukurasa wa 19. Kurasa 11 kamili ziliruka, na nyingine vipande, na yeye hakuhisi chochote. Ndiyo siri ya ile robo saa.

Kilichomtupa huko kinajulikana na kila aliyehifadhi. Aya ya 47 na aya ya 122 ni moja, neno kwa neno: Enyi Wana wa Israili, kumbukeni neema yangu. Zinazofuata, ya 48 na ya 123, zinafanana karibu zote, ila ya 48 inataja kwanza shafaa, yaani uombezi, kuwa haikubaliwi, halafu adli, yaani fidia, kuwa haichukuliwi. Ya 123 inageuza: adli kwanza, shafaa nyuma. Ukiteleza hapo, ulimi unachukua njia ya pili bila kukuuliza. Wengine huteleza kinyume: wakiwa kwenye 123 wanarudi 49, wanazunguka tena mpaka 122, na kama hakuna wa kuwashika wanaweza kukesha humo.

Tena angalia mahali penyewe. Aya ya 48 ndiyo ya mwisho ukurasani. Mtoto anayehifadhi ukurasa mmoja kwa siku huhifadhi ukurasa, hahifadhi mshono. Leo kamaliza na 48, kalala, kesho kaanza na 49, na hakuna siku aliyozisoma mbili hizo kwa pumzi moja. Ndiyo maana kwangu somo jipya huanza na aya ya mwisho ya jana. Ni sekunde chache tu, lakini walimu wenye haraka huiacha.

Sasa turudi kwa "amefika wapi". Kila siku mtoto ana masomo matatu. Kuna jipya. Kuna la karibuni, kama kurasa 20 za mwisho. Kuna la zamani, yaani murajaa, kuyarudia yote yaliyobaki nyuma. Vyuo vya wenzetu wenye asili ya Kihindi huyaita sabaki, sabki na manzili, majina hayanisumbui. Linalonisumbua ni mzazi anayedhani murajaa ni dawa ya aliyesahau, kama panadoli. Murajaa ndio unaoamua ukubwa wa somo jipya, si akili ya mtoto. Kuna watoto hapa wanaoweza kushika kurasa 3 kwa asubuhi moja. Nawapa moja.

Piga hesabu nami. Juzuu 8 ni kama kurasa 160. Ukizigawa kwa siku 7 ni kama 23 kwa siku, na ukurasa mmoja dakika moja na nusu: dakika 35 hivi. Ongeza nusu saa ya kurasa 20 za karibuni, ongeza jipya. Mtoto anayetoka shule saa kumi, na homuweki inamngoja, ana saa moja na nusu baina ya alasiri na isha, akibahatika. Imejaa. Akifika juzuu 15, murajaa peke yake unapita saa nzima, kwa hiyo lazima jipya lipungue liwe nusu ukurasa. Mwalimu anayeongeza jipya hapo anakopa, na mlipaji ni mtoto.

Hizo siku 7 hazikutoka kichwani mwangu. Ni mgawanyo wa masahaba: sura 3 bila kuhesabu Fatiha, kisha 5, 7, 9, 11, 13, kisha kuanzia Qaf mpaka mwisho. Wazee waliukusanya katika maneno mawili, "famii bishauqi", kila herufi ikiashiria sura inayofungua siku: fe ya Fatiha, mim ya Maida, ye ya Yunus, na kuendelea mpaka qafu. Ratiba nzima ya wiki mdomoni, bila karatasi.

Nikiri hapa: mimi mwenyewe siku 7 siwezi. Nasoma juzuu moja kwa siku, nazunguka kwa mwezi, na Ramadhani ndiyo mkaguzi wangu, nikiwa mbele kwenye tarawehe na mtu nyuma ananirudi. Wanafunzi nawaambia 7. Sijui kama ni haki.

Tena wapo wanaoniambia, "Mbona Tuhfa wameihifadhi kwa wiki mbili na hawaisahau?" Tuhfatul Atfal ya al-Jamzuri, ya kufundishia tajwidi, ina beti 61, na ni rajazi, bahari ya mashairi ya Kiarabu. Ukidondosha neno, mizani inapungua na sikio linakataa kabla ya mwalimu. Nusu mbili za ubeti zina kina kimoja, kwa hiyo nusu inaita mwenzake. Qur'ani si shairi. Haina mizani ya kukushika mkono, na aya ya 48 ikibadilishana na 123 sikio linaridhika kabisa.

Hata Tuhfa mizani hulinda ndani ya ubeti tu. Kina hubadilika kila ubeti, kwa hiyo ubeti mzima ukianguka, hakuna kinacholia. Al-Jamzuri alilijua hilo, nadhani, maana mwishoni aliweka idadi kwa hesabu ya abjadi: "naddun badaa", yaani nun 50, dali 4, be 2, dali 4, alifu 1. Jumla 61. Mwanafunzi akimaliza akiwa na 59 kwenye vidole, anajua ameacha mbili. Tuhfa nzima ni dakika chache. Mara moja kwa wiki inatosha.

Kuhusu subaa ya duksi za Eastleigh, yaani vyuo vya Qur'ani vya Wasomali, watoto wakikaa duara na kila mmoja akisoma aya yake kwa zamu, naipenda nusu. Inamlazimu mtoto kuingia katikati bila mwendo wake mwenyewe, na hapo wa juujuu hufichuka. Lakini duara likiwa la watoto 10, tisa wanaweza kujificha ndani ya sauti ya mmoja.

Huyu kijana nimemsimamisha jipya tangu mwezi uliopita. Ukurasa wa 7 na wa 19 anausikilizisha siku moja, mmoja baada ya mwingine, na kabla hajaanza namuuliza: wapi shafaa iko mbele? Kisha namfungulia katikati ya ukurasa na kumuuliza aya iliyotangulia, si inayofuata. Kati ya juzuu zake 8, zilizosimama ni 3. Mama, ukisoma hapa, hiyo ndiyo aliyofika.