Mchuzi Unasubiri, Wali Hausubiri

Kwenye pilau ya shughuli, uamuzi mgumu kuliko yote ni saa ya kumwaga mchele. Viungo hata binti wa darasa la saba anavijua. Mchele ukishaingia kwenye mchuzi hakuna wa kuurudisha, na mpishi anayeumwaga kwa kufuata saa iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko ataula mwenyewe. Mimi nafuata ndoa. Sheikh akishaketi na bwana harusi akishafika, ndipo namwaga. Kwa hiyo mpishi wa harusi hapa Dar lazima awe na masikio, apende asipende.

Niwape mfano wa harusi moja upande wa Magomeni. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili wenyewe wasijulikane.

Wageni walikuwa 400. Mimi hupiga kilo moja ya mchele kwa watu wanane, ikawa kilo 50 za mchele wa Kyela, nikazigawa kwenye masufuria mawili makubwa. Usikubali kamati ikuletee sufuria moja kubwa zaidi ati kuokoa kuni. Wali ukiwa na kina kirefu, wa chini unapondwa na uzito wa wa juu, na mwiko haufiki. Nyama ya ng'ombe nilichemsha alfajiri na tangawizi, thomu na chumvi. Ndoa ilikuwa ifungwe pale pale nyumbani, chini ya turubai, baada ya sala ya Adhuhuri. Hesabu yangu ilikuwa mchele uingie saa sita na nusu.

Ilipofika saa nne nilikuwa kwenye vitunguu, na hapo mpishi haondoki hata aitwe na nani. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu. Kikitoka mapema pilau inakuwa nyeupe, kikiungua inakuwa chungu, na kutoka kwenye kahawia hadi kwenye weusi ni dakika chache tu, maana mafuta mengi yanaendelea kupika hata ukivuta kuni. Ndiyo maana mama wa bibi harusi na dada yake walipokuja uani kunong'ona karibu na stoo, mimi sikuwa na pa kwenda. Na mpishi aliyeinama kwenye moshi watu humhesabu kama figa.

"Mume wako ataketi mbele za watu aseme yeye ndiye walii," dada mtu alisema. "Na wewe unajua, mimi najua, kwamba yule mtoto si wake."

"Amemlea hajaota meno, dada."

"Malezi ana thawabu zake. Ndoa inataka walii."

Mama akauliza kama kaka yao, mjomba wa binti, hawezi kusimama. Dada mtu akamwambia mjomba haingii, ni upande wa mama. Alikuwa sahihi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo Waislamu wengi wa pwani hii tunafuata, uwalii, yaani haki ya kumwozesha binti, unapita kwa wanaume wa upande wa baba: baba, babu, kaka, baba mdogo na kuendelea. Binti aliyezaliwa nje ya ndoa hana nasaba ya huko, na baba wa kambo hata awe mwema vipi hapati uwalii kwa kulea. Anayemwozesha ni hakimu, yaani kadhi au aliyeruhusiwa na kadhi. Baba wa kambo akiozesha kwa jina lake, ndoa yenyewe ina kasoro. Mama alikuwa amelificha jambo hilo miaka yote kwa ajili ya binti, ambaye hakujua lolote, na sasa zimebaki saa tatu.

Nilimwaga thomu na tangawizi kwenye vitunguu, ikalia sana, wakashtuka wakaniona. Nikawaomba wanipishe nipitishe nyama. Sikusema zaidi.

Lakini hesabu yangu ilibadilika palepale. Nilijua sheikh lazima aitwe pembeni, na sheikh naye lazima ampigie mtu simu. Kijana wangu alikuwa ameshakosha mchele na anataka kuuloweka. Nikamzuia, auchuje tu na kuufunika kwa kitambaa kibichi, maana mchele ukilala majini muda mrefu unakatikakatika sufuriani. Viazi nikavitoa vikiwa bado vigumu, visije vikavurugika. Kisha nikavuta kuni, nikaacha makaa tu chini, mchuzi upumue bila kuchemka.

Mchuzi wa pilau unaweza kukaa hivyo hata saa mbili, ukijua kitu kimoja: maji yanapungua na chumvi inabaki. Kwa hiyo kabla ya kuvuta kuni nilisimamisha mwiko mpaka chini ya sufuria, nikachora kwa mkaa pale mchuzi ulipofika. Kwa masufuria makubwa mimi hupima bakuli moja la mchele kwa bakuli moja na nusu la mchuzi, pungufu ya nyumbani, kwa sababu mvuke hautoki ovyo. Kila mchuzi ukishuka chini ya alama nilirudishia maji ya moto, yasiwe baridi, kisha nikaonja. Kabla ya mchele, mchuzi lazima uonekane umezidi chumvi kidogo. Ukiwa mtamu hapo, pilau itakuwa chapwa.

Saa sita na nusu mwenyekiti wa kamati akaja. "Mama, wali umeingia?"

"Kuni mbichi, mwanangu."

Akatazama kuni. Zilikuwa kavu kama mifupa. Akaondoka anabofya simu.

Saa saba ikapita. Turubai limejaa, kaswida zimerudiwa, watoto wanalia njaa. Nilimwona baba wa kambo ametoka na sheikh kwa mlango wa nyuma, wamesimama karibu na tangi la maji. Mzee anaongea kichwa kimeinama, sheikh anasikiliza, kisha akaweka simu sikioni. Alipomaliza alimshika mzee bega. Dada mtu akapita kwangu na jagi tupu ambalo halikuwa na kazi yoyote, akasema bila kunitazama, "Mpishi, endelea."

Nikachochea moto, mchuzi ukachachamaa, viazi vikarudi, mchele ukaingia saa saba na nusu. Tuligeuza kwa beleshi safi, taratibu, kutoka chini kuja juu. Maji yalipokauka tukaondoa moto wote chini, tukafunika mabati na kupalia makaa juu. Hapo ndipo pilau inaivia, na ukifunuafunua unaipoteza.

Kipaza sauti kikasikika nikiwa nasawazisha makaa. Kwa kawaida sheikh hutaja kwamba anaozesha kwa uwakala aliopewa na baba wa binti. Safari hii alitaja bibi harusi kwa jina lake, akataja mahari, akasema namwozesha, bwana harusi akasema nimekubali. Vigelegele vikafunika kila kitu. Sidhani kama kuna mgeni aliyesikia kilichokosekana. Walikuwa na njaa.

Masinia 80, watu watano kila sinia, yalianza kutoka karibu saa tisa. Wali ulisimama, punje kwa punje, na ukoko ulikuwa wa kugombaniwa na vijana wangu tu. Mzee alikaa na wakwe zake akila kama baba yeyote wa bibi harusi.

Jioni mwenyekiti alinikata elfu hamsini kwenye salio kwa chakula kuchelewa, akaandika kwenye daftari lake: "kuni mbichi". Akanipa kalamu nikasaini.